Mwakilishi wa chama siyo wa kwenda kupiga kelele

Wadau, tupo mwaka wa tatu, bumu linaelekea ukingoni, na wengi wetu mwakani tutaanzia shule za binafsi kabla ya serikali kutukumbuka. Ndiyo maana leo naongelea mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, yule unayeingia naye kwenye kikao ukiwa na lalamiko. Wengi tunamdhania ni mtu wa kugonga meza tu. Mimi naona kazi yake kubwa anaimaliza kabla mlango haujafunguliwa, akiwa na wewe na karatasi.

Kwanza haki yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 62, inawaruhusu wanachama mahali pa kazi kuchagua wawakilishi. Hata mkiwa chini ya 10 mnapata mmoja, na kuwawakilisha kwenye vikao vya malalamiko na vya nidhamu ni kazi yake kisheria. Siyo fadhila ya mkuu wa shule.

Sasa tuchukue mfano wa kutunga. Mwalimu wa fizikia, mshahara 480,000. Projekta inapotea stoo mwezi Machi. Aprili anakatwa 200,000, Mei tena 200,000, barua hakuna. Anaandika lalamiko, kurasa nne: mkuu hanipendi, mhasibu ni shemeji yake, aliyeiba namjua... Jamani! Hapo kila sentensi ni mlango wa ubishi, na ile ya wizi inaweza kumgeuza yeye mshtakiwa.

Mwakilishi mzuri anamwuliza maswali yale yale kwa kila jambo: lini, na nini kinaonyesha? Kurasa nne zinashuka hadi moja. Tarehe projekta ilipoonekana mara ya mwisho. Funguo za stoo zilikuwa na watu watatu, daftari la makabidhiano lipo. Hati za mshahara za Aprili na Mei, nakala zimeambatishwa. Mwisho anachotaka: arudishiwe 400,000 na makato yasimame. Hapo mwisho watu wengi husahau, wanalalamika weee halafu hawaombi kitu.

Maneno yabaki ya mwalimu mwenyewe. Mwakilishi akimwandikia kwa lugha ya kisheria, ataulizwa "hapa ulimaanisha nini?" na atabaki anaangalia dari. Wala asimfundishe kuficha. Kama funguo mojawapo ilikuwa kwake, iandikwe hivyo hivyo, maana wenzake wawili nao watasema.

Upande wa sheria aubebe mwakilishi. Kifungu cha 28 kinasema kwa mali iliyopotea huwezi kukatwa mpaka ukubali kwa maandishi. Na hata ukikubali, lazima upotevu uwe umetokea kazini kwa kosa lako, mwajiri akuandikie sababu, kiasi na hesabu alivyoipata, akupe nafasi ya kupinga, asidai zaidi ya hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 480,000 ni 120,000. Kwa hiyo hata kama mwalimu angekuwa na kosa na angesaini, 80,000 kila mwezi ilikuwa imezidi. Hoja hiyo haihitaji sauti ya juu.

Ndani ya kikao, maswali ya kilichotokea ajibu mwalimu, maana yeye ndiye aliyekuwepo. Mwakilishi anaandika kinachosemwa na nani kakisema, na akiona mtu wake ameanza kutetemeka au kupandisha, anaomba dakika kumi nje.

Halafu inakuja sehemu ninayoiogopa mimi. Mkuu anakuwa mpole ghafla: "Mwalimu, sisi ni familia, saini hapa yaishe, tutakukata kidogo kidogo." Karatasi hiyo inaweza kuwa ndiyo ile ridhaa ya maandishi waliyokuwa hawana! Ukiwa peke yako, umechoka, unasaini. Mwakilishi anasema tu: tunaomba nakala, tutaisoma nyumbani, tutajibu kwa maandishi.

Na asilale. Mgogoro usiohusu kufukuzwa kazi unatakiwa ufikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipozuka. Ukihesabu kuanzia makato ya Aprili 30, siku zinaishia Juni 29. Mkuu akisema "tutamalizia baada ya likizo", yaani Julai, makato ya kwanza yameshapitwa na muda, na utaanza kuomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu, ambayo inaweza kukataliwa. Kwa hiyo mwakilishi anayejua kazi anatoka kikaoni na tarehe ya jibu iliyoandikwa, na fomu ya Tume anaanza kuijaza jioni hiyo hiyo, jibu liwe limekuja au halijaja.