Kabla ya kumlaumu mama wa Tandale

Tandale na Masaki ziko manispaa moja, Kinondoni. Mvua ya masika huzinyeshea zote mbili, lakini kuhara kwa watoto hakulingani. Tumezoea kueleza tofauti hiyo kwa neno usafi, kana kwamba wazazi wa upande mmoja hawajui kunawa mikono. Mimi naona maelezo yaanzie kwenye nyumba.

Nyumba nyingi za uswahilini, Tandale, Keko au Mtoni kule Temeke, ni za vyumba kadhaa vilivyopangishwa kimoja kimoja. Familia zote hutumia choo kimoja cha shimo. Shimo likijaa, gari la kunyonya majitaka haliwezi kupenya vichochoroni, tena malipo yake ni makubwa. Basi husubiriwa mvua kubwa, shimo linatobolewa, na kinyesi kinaondoka na mafuriko. Ndiko kutapisha choo. Maji hayo hupita uani kwa jirani, kwenye udongo anaotambaa mtoto na penye mpira wa maji uliotoboka. Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam, wagonjwa wa mwanzo walitoka Kinondoni.

Kipato ndicho huamua nani anaishi karibu na shimo hilo, na ana maji kiasi gani ya kunawa. Asiye na bomba hununua maji kwa dumu la lita 20. Uniti moja, yaani lita 1,000, ni madumu 50. Dumu likiuzwa shilingi 100, uniti imemgharimu shilingi 5,000, zaidi ya mara mbili ya bei ya bomba. Kibarua analipia maji ghali kuliko mwenye bustani. Maji yakipungua, yanabakizwa ya kupikia na kunywa, na mikono inasubiri.

Elimu ya mama nayo ina nguvu yake. Aliyesoma hutambua mapema macho yaliyobonyea na kilio kisicho na machozi, huchanganya pakiti ya ORS kwa lita moja ya maji safi, na humaliza dozi ya zinki hata kuhara kukikoma. Hiyo huokoa maisha, lakini haizuii mtoto kuugua tena wiki ijayo. Isitoshe, waliosoma zaidi mara nyingi ndio wenye kipato na choo bora, hivyo tukilinganisha elimu peke yake tunaipa sifa ya bomba na sakafu ya saruji. Ulinganisho wa haki ni wa akina mama wenye elimu sawa, mtaa mmoja, vyoo tofauti.

Kwa hiyo mabango ya kunawa mikono hayatoshi. Manispaa imbane mwenye nyumba, kwa kuwa ndiye anayepokea kodi, ajenge choo kinachoweza kunyonywa. Vikundi vya vijana wenye pampu za mkono, zinazopita vichochoroni, vipewe mahali pa karibu pa kumwaga majitaka, ili kunyonya kuwe nafuu. Na bomba lifike uani kabla hatujamuuliza mama kwa nini mtoto anahara.