Nguo ya Mchanganyiko Ikichakaa Haina Pa Kwenda, Tusidanganyane

Siku hizi ukilalamika kwamba nguo mpya za bei chee hazidumu, unajibiwa: "Chukua tu, ikichakaa itarejelezwa kama chupa za plastiki." Mimi napinga jibu hilo. Nitatumia shati jeupe la sare ya shule kueleza, maana karibu kila nyumba inalo.

Soma lebo ya ndani ya kola. Mara nyingi utakuta poliesta 65, pamba 35. Wengi hudhani ni nyuzi za aina mbili zilizofumwa pamoja, kwamba mtu mwenye subira angeweza kuzichambua. Sivyo. Pamba na poliesta zilichanganywa zikiwa bado manyoya, kisha zikasokotwa kuwa uzi mmoja. Ni kama kumwaga unga wa mahindi na wa mtama kwenye gunia moja, halafu uambiwe uutenge.

Mashine ya kuchana nguo haitengi chochote. Inatoa manyoya mafupi yaliyochanganyika vilevile, yanayofaa kujaza godoro, si kufuma shati jingine. Kuyeyusha nako hakusaidii: poliesta ni plastiki, inayeyuka kwenye nyuzi joto 250 hivi, lakini pamba haiyeyuki kamwe. Inaungua na kuichafua ile plastiki.

Inabaki kemia. Kostiki soda ile ya kutengenezea sabuni, ikichemshwa na kitambaa hicho, huivunja poliesta na kuiacha pamba. Asidi hufanya kinyume chake. Kwa hiyo unaokoa kimoja kwa kukivunja kingine, na bado kuna rangi, vifungo na mpira wa kiunoni. Huko Hong Kong watafiti wamefanikiwa kutenganisha kwa maji moto, presha na asidi kidogo. Poliesta inatoka ikiwa nyuzi, lakini pamba inatoka ikiwa unga. Unga huo una matumizi, ila hausokotwi tena kama pamba yetu ya shambani. Na mtambo wa namna hiyo hautakuja kukusanya shati moja moja kijijini kwako.

Hapa kuna jambo linalonihusu moja kwa moja kama afisa ugani. Kuna wanaotupia matambara kwenye shimo la mboji. Tambara la pamba tupu, likikatwa vipande vidogo na kutolewa vifungo na mpira, litaoza. La mchanganyiko litaoza pamba yake tu, na nyuzi za plastiki utazikuta shambani ukipalilia. Usilitumie pia kuepulia sufuria, maana likishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi.

Kujua ulichonacho ni rahisi. Chomoa nyuzi chache kwenye pindo la ndani, moja ya kwenda juu na moja ya kukatiza, maana zinaweza kutofautiana. Usichukue uzi wa cherehani, kwa kuwa mara nyingi huo ni poliesta hata kwenye nguo ya pamba. Choma kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja na kuacha kitone kigumu cheusi. Ukikuta jivu lenye punje ngumu ndani, huo ni mchanganyiko.

Sisemi usinunue mchanganyiko. Unakauka haraka, haujikunji sana, na ukifumwa vizuri hudumu kazini kuliko pamba nyembamba. Ninachosema ni kwamba, kwa kuwa haina pa kwenda ikichakaa, ununue ile itakayochelewa kuchakaa. Inyooshe juani: ukiona vidole vyako waziwazi, iache. Ivute pembeni mwa mshono: tundu za sindano zikifunguka, haitamaliza muhula. Isugue kwa kidole gumba mara kadhaa. Ikianza kutoa manyoya, itaota vipele, na kwenye mchanganyiko vipele havidondoki kwa sababu poliesta ni imara na huvishikilia.

Tuseme shati moja ni shilingi 6,000 na linadumu miezi 4, jingine ni 12,000 na linadumu miezi 18. La kwanza linakugharimu 1,500 kwa mwezi, la pili 667 hivi. Hesabu hiyo muoneshe mteja wako, wewe muuzaji. Na ukifungua robota la mitumba, zilizochanika za pamba tupu ziweke kando. Mafundi wa gereji huzihitaji kwa kufutia, kwa sababu zinanyonya vizuri. Za mchanganyiko zenye mwili mzima mpe fundi cherehani abadilishe kola au akate suruali ya mtu mzima iwe ya mtoto.