Kodi ya chapa na programu za nje: 14 kwa mia au 10 kwa mia, nani anabaki na tofauti?

Butembo na Beni watu wamezoea kodi inayoonekana: ile ya forodha pale Kasindi, pateni, kodi ya nyumba. Lakini kuna nyingine inayozaliwa siku mfanyabiashara anapotuma pesa nje ya inchi bila kuingiza hata katoni moja. Analipa ruhusa ya kutumia chapa ya sosiete ya kigeni, programu yake, au siri yake ya kutengeneza kitu. Malipo hayo yanaitwa mrabaha. Kwa Kifaransa yanaitwa redevansi, na jina hilo linachanganya wengi, juu redevansi ya migodi wanayoisikia kila siku ni kitu kingine: ile analipa mchimbaji kwa Leta.

Kwa mrabaha, Leta haiwezi kumfuata mtu wa Johannesburg au Brussels kumdai kodi. Inamuagiza anayelipa, yaani mtu wa Butembo, akate kodi kabla ya kutuma pesa, aipeleke DGI. Asipokata, deni linamwangukia yeye, pamoja na faini.

Hesabu ya sheria ya ndani

Kanuni ya ndani ilijengwa juu ya sheria-amri ya tarehe 10 Februari 1969 kuhusu kodi za mapato. Kiwango chake ni 20 kwa mia, na wengi wanaishia hapo. Lakini sheria inaruhusu kwanza kuondoa 30 kwa mia ya malipo, kama gharama za yule anayepokea. Kodi inahesabiwa kwa 70 zinazobaki. Asilimia 20 ya 70 ni 14. Kwa hiyo mzigo wa kweli ni 14 kwa mia ya malipo yote.

Kongo pia ina mikataba ya kuzuia mtu mmoja asitozwe kodi mara mbili kwa pesa ileile. Ule wa Afrika Kusini ulitiwa sahihi tarehe 29 Aprili 2005, ukaanza kufanya kazi Julai 2012. Ule wa Ubelgiji ulitiwa sahihi tarehe 23 Mei 2007, ukaanza Desemba 2011. Yote miwili inasema kodi ya Kongo kwenye mrabaha isipite 10 kwa mia. Na kwa sababu kifungu cha 215 cha Katiba kinaweka mkataba uliotangazwa juu ya sheria za kawaida, DGI haiwezi kudai zaidi pale masharti yanapotimia.

Hapa kuna mtego. Ile 10 ya mkataba inahesabiwa kwa malipo yote, bila kuondoa zile 30 kwanza. Anayelinganisha 20 na 10 anafikiri kodi imekatwa nusu. Kwa kweli imeshuka kutoka 14 hadi 10, yaani pointi 4 tu.

Mfano wa dola 10,000

Chukua duka la Butembo ambalo kwa kontra linalipa sosiete ya Afrika Kusini dola 10,000 kwa mwaka ili litumie chapa yake. Kwa sheria ya ndani, kodi ni dola 1,400, na Johannesburg wanapokea 8,600. Kwa mkataba, kodi ni dola 1,000, na wanapokea 9,000. Zile dola 400 zimetoka katika sanduku la Leta ya Kongo zikaenda kwa mgeni. Mwenye duka ametoa 10,000 mara zote mbili. Hakupata hata franga.

Na mara nyingi mgeni mwenyewe habaki nazo. Afrika Kusini inatoza faida ya sosiete 27 kwa mia, lakini inaweza kupunguza kodi iliyokwisha kulipwa Kongo. Kongo ikikata kidogo, Pretoria inadai zaidi. Basi dola 400 zinaweza kuhama kutoka hazina ya Kinshasa hadi hazina ya Pretoria, na sosiete ikabaki palepale.

Mambo yanageuka kontra ikisema «pesa ifike nzima, kodi zote juu ya mnunuzi». Kifungu hicho ni cha kawaida, na wengi wanasaini bila kukisoma. Hapo duka linatakiwa kupanga malipo ili baada ya kodi zibaki 10,000. Kwa sheria ya ndani linatoa karibu dola 11,628, kodi ikiwa 1,628. Kwa mkataba linatoa karibu 11,111, kodi ikiwa 1,111. Sasa mkataba unamuokolea mfanyabiashara wa Butembo dola 517. Kiwango ni kilekile. Aliyefaidika amebadilishwa na mstari mmoja wa kontra.

Masharti yanayoangusha watu

Jina la Afrika Kusini kwenye fakture halitoshi. Anayelipa anahitaji cheti cha ofisi ya kodi ya inchi ile, cha mwaka unaohusika, kinachosema kwamba sosiete hiyo ni mkaaji wake wa kodi. Tena anayepokea awe ndiye mwenye faida ya kweli. Fakture ikitoka Johannesburg na akaunti ya benki ikawa ya sosiete nyingine katika inchi ya tatu, mkaguzi ana haki ya kuuliza pesa ni ya nani. Akikataa mkataba, anarudisha hesabu kwa 14, na tofauti inadaiwa Butembo, hata kama mgeni alisharudi kwao na pesa yake.

Pia si kila malipo ya nje ni mrabaha. Kununua pikipiki zenye chapa maarufu Guangzhou ni kununua mali. Kulipia haki ya kutumia chapa ile kwa bidhaa zako mwenyewe ndiyo mrabaha. Kumleta fundi afunge mashine ni huduma, na huduma ina kanuni yake. Na mgeni akiwa na ofisi yake ya kudumu Kongo inayohusika na kazi hiyo, zile 10 hazimhusu: mapato yanatozwa kama faida ya ofisi ile.

Kwa anayelipia programu Kampala, njia ni fupi zaidi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini hilo peke yake halikuleta mkataba wa kodi na Uganda. Sheria ya ndani ndiyo inayofuatwa.

Kenya walifika mahakamani

Kama pointi chache zinaonekana ndogo, Kenya ilitoa funzo. Sheria yake ilikuwa inakata 20 kwa mia kwenye mrabaha wa wageni. Mkataba wake na Morisi wa mwaka 2012 uliishusha hadi 10. Shirika la Tax Justice Network Africa lilishitaki, na Machi 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilibatilisha utaratibu wa kuutumia, kwa sababu haukupelekwa bungeni inavyotakiwa. Hofu ya walioshitaki ilikuwa kwamba sosiete za mahali pengine zingefungua sanduku la posta Morisi ili zipate kiwango kidogo.

Kwa kontabule wa Butembo au Beni, kazi inaanza kabla ya sahihi: kontra inasema kodi iko juu ya nani? Kama iko juu ya mgeni, yeye ndiye mwenye haja ya mkataba, basi alete cheti kabla ya malipo, la sivyo akatwe 14. Kama iko juu ya duka, cheti hicho ni pesa ya duka lenyewe, na kisipofika kwa wakati, katika mfano huu hasara ni dola 517 kila mwaka.