Mtoto aliyerudi kutoka ukimbizini akikaa kimya kalasini, tesiti inapima nini?

Tangu vita viliporudi Rutshuru mwaka 2022, kuna familia zilizovuka mpaka wa Ishasha na kuingia Uganda, zikapita kambi ya Matanda, kisha zikapelekwa Nakivale. Kuna pia zilizorudi, lakini si nyumbani kwao. Zimefikia kwa ndugu Butembo, Beni ao Lubero, na watoto wameandikishwa shule. Ndipo mwalimu anaanza kulalamika: « Huyu mutoto hashike kitu. Haongee, haandike. Labda akili yake haiko sawa. » Direkta anaomba karatasi ya mwanasaikolojia, na hiyo karatasi ndiyo itaamua kama mtoto atabaki na wenzake, ao atarudishwa kalasi ya kwanza katikati ya watoto wa miaka sita, ao ataandikwa kuwa na upungufu wa akili.

Tuchukue mfano wa msichana mmoja. Tumemtunga hapa ili kueleza kazi, tumwite Neema. Ana miaka 11. Nyumbani kwao Kiwanja waliongea Kinande, na barabarani Kiswahili. Alianza kalasi ya kwanza mwezi wa kumi 2021. Mwezi wa kumi 2022 alikuwa katika ya pili, na ndipo walikimbia. Nakivale alianza tena chini kabisa, kwa Kiingereza, mwanzoni mwa 2023. Robo ya tatu ya mwaka huo hakusoma: alibaki akilea mdogo wake, mama akitafuta kazi ya shamba. Mwaka 2024 alisoma wote. Mwaka 2025 wamerudi Butembo kwa koko, na kwa sababu ya urefu wake shule ikamweka kalasi ya ine, ambako kila kitu ni Kifaransa.

Ukihesabu vizuri, Neema ana mwaka mmoja na wiki chache za shule kwa Kiswahili, robo tano kwa Kiingereza, na Kifaransa karibu hakuna. Mwanasaikolojia akifungua sanduku la tesiti siku ya kwanza na kutoa maagizo kwa Kifaransa, atapata alama za chini sana. Alama hizo zitakuwa za kweli, lakini zitakuwa zimepima wiki chache za Kifaransa.

Ndiyo maana siku ya kwanza haipaswi kuwa na tesiti. Kwanza ni masikio na macho: mtoto ambaye sikio limetoa usaha miezi mingi anaweza kuonekana mjinga kumbe hasikii vizuri. Kisha unakaa na mama ao koko, mnachora mstari mmoja wa miaka: alikuwa wapi, alisoma kwa lugha gani, ni miezi gani hakuingia shule, na kwa nini. Unauliza pia lugha anayotumia kwa kila kazi. Neema anaomba kwa Kiswahili, anaongea na koko kwa Kinande, na anahesabu kwa Kiingereza. Kwa hiyo ukitaka kujua hesabu yake, usimwulize kwa Kifaransa. Na ukimwonyesha picha ataje majina, kila jina sahihi lihesabiwe, kwa lugha yoyote. Ukihesabu lugha moja tu, utaona nusu ya maneno aliyo nayo.

Ukimya wenyewe usiogopeshe haraka. Mtoto aliyetupwa katika lugha mpya anaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, akisikiliza tu. Cha kuuliza ni kama nyumbani anaongea. Neema akimgombeza mdogo wake kwa Kinande siku nzima, tunajua ulimi wake uko mzima.

Kuna kosa lingine ambalo hata watu wa kazi wanalifanya: kutafsiri tesiti papo hapo, tena kwa mdomo wa dada ya mtoto. Dada anaongeza maneno, anamsaidia, ao anaona haya. Afadhali mtu mzima asiye wa familia, aliyepewa maagizo siku mbili mbele. Lakini hata tafsiri nzuri inabadilisha uzito. Chukua ile kazi ya kurudilia namba kwa kichwa. Kwa Kifaransa, kutoka moja hadi tisa, kila namba ni silabi moja tu. Kwa Kiswahili karibu zote ni mbili: ta-tu, si-ta, sa-ba. Maneno marefu yanajaza kumbukumbu mapema, kwa hiyo mtoto anayerudilia namba tano kwa Kiswahili hawezi kulinganishwa na jedwali lililopimwa kwa watoto wa Ufaransa.

Wengi wanakimbilia tesiti za picha zisizo na maneno, kama zile za Raven, ambapo mtoto anachagua kipande kinachokosa. Zinasaidia, lakini nazo zinahitaji mazoea ya karatasi. Hilo lilionekana hapa kwetu zamani: mwaka 1956 André Ombredane na wenzake walichapisha kazi waliyofanya katika Kongo ya Wabelgiji. Waliwapa watu tesiti hiyo zaidi ya mara moja, na alama zikapanda. Akili haikuwa imeongezeka kati ya siku moja na nyingine. Watu walikuwa wamezoea mchezo.

Kwa Neema tunaweza kutumia jambo hilo. Anapewa picha 12, anapata 5. Kisha kwa robo saa anaonyeshwa namna ya kutazama: mstari unaenda wapi, rangi inabadilika vipi. Mazoezi hayo yanachorwa pembeni, si kwa picha za tesiti yenyewe. Siku nyingine anarudilia zile 12, anapata 10. Hiyo 10 usiisome katika jedwali, maana jedwali halikutengenezwa hivyo. Cha kusoma ni safari kutoka 5 hadi 10: mtoto akifundishwa, anashika.

Halafu kuna baba. Baba ya Neema alikufa njiani, na watoto waliambiwa « papa amesafiri ». Kabla ya kuanza, uliza mama mtoto anajua nini, la sivyo picha moja ya familia mezani itaharibu asubuhi nzima. Usimwombe asimulie vita siku ya tesiti. Uliza alilala namna gani. Kama aliamka na ndoto mbaya, makini ya siku hiyo si makini yake ya kawaida, na kazi igawanywe vipande vya dakika 20 kwa siku tatu. Mambo ya kifo cha baba yana saa yake, na yaanze na mama kusema ukweli.

Lakini tusiweke kila kitu juu ya vita. Kuna watoto wenye ulemavu wa akili kweli, nao pia walikimbia. Hapo koko anajua kuliko sanduku la tesiti: alitembea lini akilinganishwa na ndugu zake? Anatumwa sokoni na kurudisha chenji? Kama ndugu zake waliopita njia ile ile wameanza kushika, na yeye alichelewa tangu utoto, tena hata akifundishwa hapandi, basi ukimwambia mama « ni vita tu, itapita » unamnyima msaada.

Karatasi ya Neema ingesema hivi: uwezo wa kujifunza uko, Kifaransa hakijaanza, miezi mingi ya shule imepotea, msiba haujaongelewa. Bila namba ya akili, maana namba hiyo itabaki katika faili na maelezo yatasahauliwa. Mimi ningemweka kalasi ya tatu, ao katika santa ya masomo ya haraka (CRS), ambako kalasi sita za msingi zinafanywa kwa miaka mitatu, pamoja na watoto wa umri wake. Maelezo ya hesabu apewe kwa Kiswahili, na apimwe tena baada ya miezi sita.

Direkta anaweza kukataa karatasi isiyo na namba. Mama arudi na ule mstari wa miaka waliouchora pamoja, auweke mezani, na aulize ni mwezi gani hasa mtoto alifundishwa Kifaransa.