Gari la parkingi ao gari la kuagiza: tazama usukani mbele ya bei

Hapa Lubumbashi, mtu akipata pesa ya kununua gari la kwanza, ndugu na marafiki wanagawanyika mara mbili. Wamoja wanamwambia aende kwenye parkingi ya wauzaji, achague, alipe na arudi nyumbani akiendesha. Wengine wanamwambia hiyo ni kupoteza pesa: gari lile lile, ukiliagiza mwenyewe Japani, unalipata kwa nusu ya bei. Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zinabishana juu ya jambo lisilo kubwa. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko tunavyodhani. Jambo kubwa ni nani aligeuza usukani wa gari lako, na makaratasi yake yanasema nini.

Tuanze na bei. Hesabu ninayotoa hapa ni ya mfano, na kila mtu aweke namba za gari lake. Tufikiri umeona jip ndogo ya Toyota kwenye simu, na muuzaji wa Japani anaitisha dola 3300. Meli mpaka Dar es Salaam pamoja na bima, dola 1500. Wakala wa bandari kule Dar na dereva wa kulileta kupitia Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa, dola 1200. Gari limefika mpakani kwetu likiwa na thamani ya dola 6000, wala bado hujalipa hata franka moja kwa serikali.

Kodi inakuja hapo, na ndipo wengi wanakosea hesabu. Ushuru hauhesabiwi juu ya zile 3300 ulizoona kwenye simu. Unahesabiwa juu ya thamani ya gari pamoja na safari na bima. Kisha TVA ya 16 kwa mia inahesabiwa juu ya jumla ya thamani na ushuru. Tuseme ushuru ni 20 kwa mia: ni dola 1200. TVA inakatwa juu ya 7200, ni dola 1152. Umefika 8352. Ongeza malipo ya OCC, ya OGEFREM na ya deklara wako, tuseme 600. Fundi wa kugeuza usukani, 900. Plaki, karta roze na bima, 350. Jumla ni dola 10202.

Sasa muuzaji wa parkingi anakuuzia gari la namna ile ile, usukani ukiwa umekwisha kugeuzwa, kwa dola 10800. Weka 350 za plaki na karta roze kwa jina lako: 11150. Tofauti ni kama dola 950. Si nusu ya bei, hata karibu. Tena, tofauti hiyo inaweza kuyeyuka. DGDA hawalazimiki kukubali faktire yako kama ilivyo. Wakiona gari lina thamani ya 7500 badala ya 6000, kodi zako zinapanda kutoka 2352 mpaka 2940. Hapo dola 588 za faida yako zimekwenda kwa siku moja. Na kama makaratasi yalichelewa na gari likalala bandarini Dar, kila siku ya kulala inalipiwa.

Kwa hiyo, anayeagiza kwa sababu ya bei tu, anajisumbua bure. Kuna sababu nyingine ya kuagiza, na hiyo ndiyo ya kweli: unajua gari lako limetoka wapi.

Magari mengi ya Japani yanauzwa kwanza kwenye mnada. Kule mkaguzi analitazama kila gari na kuandika karatasi moja yenye picha ya gari iliyochorwa. Juu ya picha anaweka herufi: A ni mkwaruzo, U ni mahali palipobonyea, W ni mahali palipotengenezwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Pembeni anaandika kilometa na alama ya jumla. Alama ya 4 ni gari zuri. Ukiona R ao RA, gari liligongwa na kutengenezwa. Anayeagiza anaweza kuomba karatasi hiyo kabla ya kulipa, na akalinganisha namba ya shasi na zile kilometa. Kwenye parkingi, karatasi hiyo mara nyingi imepotea, na kilometa za kwenye dashibodi zinaweza kuwa zilirudishwa nyuma na mtu mwenye kompyuta ndogo kwa muda wa saa moja.

Lakini karatasi ya mnada haijui yanayotokea baada ya Japani. Gari linalokuja kwa magurudumu yake linatembea karibu kilometa 2000 kutoka Dar mpaka kwetu, mikononi mwa dereva anayetaka kurudi haraka kuchukua lingine. Njiani gurudumu la akiba linapotea, jeki inapotea, redio inapotea, betri mpya inakuwa ya zamani. Mwambie wakala apige picha ya kila kitu bandarini, na kilometa pia, mbele ya dereva kupewa ufunguo. Kama pesa inaruhusu, gari lipandishwe juu ya lori la kubeba magari.

Kisha kuna usukani. Kwetu tunaendesha upande wa kuume wa barabara, kwa hiyo usukani unapaswa kuwa kushoto. Japani ni kinyume. Serikali imekwisha kukataza magari ya usukani wa kuume, hata hivyo yanaendelea kuingia na kugeuzwa. Kabla ya kulipa chochote, mwombe deklara akuandikie kama gari la namna hiyo, la mwaka huo, litapita leo. Juu ya umri wa gari pia kuna amri ya serikali tangu 2012. Jibu la mdomo halitakusaidia Kasumbalesa.

Kugeuza usukani si kuhamisha gurudumu la mkono tu. Kremayera ya usukani inabadilishwa, pedali zinahama, pompa ya frein inahama, mirija yake inaongezwa urefu, na kile chuma kati ya injini na miguu ya dereva kinakatwa na kuchomelewa upya. Fundi mzuri ananunua kremayera na dashibodi za gari la namna ile ile lililozaliwa na usukani wa kushoto. Fundi wa bei ndogo anaacha kremayera ya zamani mahali pake, kisha anaunganisha usukani mpya kwa mnyororo ao kwa fito la kupita nyuma ya dashibodi. Kwenye barabara ya lami ndani ya mji hutaona kitu. Siku utakapokwenda Likasi na kukwepa lori ndipo utakapojua ulinunua nini.

Namna ya kutambua haiitaji kuwa fundi. Funua boneti, utazame kile chuma cha nyuma ya injini: alama za kuchomelea na rangi mpya upande wa kushoto zinaonyesha kazi ilivyofanywa. Ukiwa umesimama, zungusha usukani polepole kidogo kushoto na kuume: kama unazunguka kwanza bila magurudumu kusogea, ao unasikia kugonga-gonga, kataa. Fungua kontakti bila kuwasha injini, utazame taa nyekundu ya erbagi. Inapaswa kuwaka kisha kuzima yenyewe. Isipowaka kabisa, mtu ameikata ili usiulize. Washa vifutio vya kioo: kama vinaacha pembe chafu mbele ya macho ya dereva, havikugeuzwa. Usiku weka gari mbele ya ukuta: taa za Japani zinapandisha mwanga upande wa kushoto, na kwetu hiyo inapofusha macho ya wanaokuja mbele yako. Mwisho vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Ukiona matope makavu ao madoa ya maji, gari hilo lilizama siku moja.

Hapo ndipo parkingi inapokuwa na faida yake. Gari liko mbele yako. Unaweza kuliendesha, kulipeleka kwenye shimo la fundi wako na kulala usiku mmoja ukifikiri. Muuzaji akikataa fundi wako aliguse, amekwisha kukujibu. Anayeagiza hana nafasi hiyo, ila ana nafasi nyingine: kumchagua fundi wa usukani yeye mwenyewe na kusimama pale kazi ikifanyika.

Baki ya mambo ni makaratasi. Kwenye parkingi, maneno ya hatari ni haya: "Papa, lipa tu, duani inafuata." Jirani yangu mmoja aliambiwa hivyo. Aliendesha miezi mitatu, kisha watu wa duani wakamsimamisha barabarani. Deklaresho aliyopewa ilikuwa na namba ya shasi ya gari lingine. Gari lilizuiliwa, muuzaji akawa hapokei simu, na jirani akalipa duani mara ya pili ili alitoe. Usitoe pesa yote mbele ya kusoma namba ya shasi kwenye chuma chenyewe na kuilinganisha, herufi kwa herufi, na deklaresho na risiti ya benki ya kulipa kodi. Kama gari bado lina plaki za IT, ujue halijaingia nchini kwa kudumu. Kwa upande wa kuagiza, karatasi ya meli iandikwe jina lako mwenyewe, si la wakala, na pesa iende kwenye akaunti ya kampuni, si ya mtu.

Kwa maoni yangu basi, mtu mwenye kazi inayohitaji gari mwezi huu, na mwenye fundi anayemwamini, anunue kwenye parkingi, na azile zile dola 950 kama bei ya kuona kwa macho. Mwenye kuweza kungoja miezi mitatu, aliye na akiba ya dola 1000 pembeni kwa kodi itakayopanda, na anayejua fundi mzuri wa usukani, aagize. Asiye na fundi wala akiba asiingie upande wowote kwanza. Aende garaji mbili ao tatu za Kamalondo ao Kenya, aulize ni nani anayetumia kremayera ya kushoto ya kweli, na aombe kuendesha gari ambalo huyo fundi aligeuza mwaka jana, si la jana.