Mirihi na Posa Katika Bara Hindi

Mwalimu mmoja ametuuliza sababu ya baba wa Kihindu kukataa posa ya kijana mwema, mwenye kazi na wazazi wa heshima, kwa neno hili moja tu, ya kuwa kijana si mangalika na binti ni mangalika. Twataka kulieleza jambo hilo kama wenyewe wanavyolifahamu, maana si haki kulihukumu neno tusilolijua.

Wanajimu wa Kihindu hugawanya mbingu katika nyumba 12. Nyumba ya kwanza ni ile ya buruji iliyokuwa ikichomoza upande wa mashariki saa mtoto alipozaliwa, na nyingine hufuata kwa zamu. Mirihi, ambayo wao huiita Mangala, ni nyota ya moto na ya vita. Ikionekana katika nyumba ya 1, ya 4, ya 7, ya 8 au ya 12, mtoto huyo huitwa mangalika. Na wanajimu wa kusini huitia nyumba ya 2 pia. Nyumba ya 7 ndiyo ya mume au mke, na ya 8 ni ya urefu wa maisha. Kwa hiyo husema kwamba moto ule utaleta ugomvi, utengano, hata kifo cha mwenzi. Kanuni yawahusu wanaume na wanawake sawasawa, lakini lawama huwaangukia wanawake zaidi. Mjane kijana huambiwa kwamba nyota yake ndiyo iliyomla mumewe.

Sasa na tufanye hesabu kidogo. Nyumba 5 katika 12 ni karibu watu 42 katika kila 100. Tena wengi huhesabu mara ya pili kuanzia mahali pa Mwezi, na mara ya tatu kuanzia Zuhura. Ukihesabu mara zote tatu, watu wapatao 80 katika 100 wataonekana kuwa na dosari mahali fulani. Kama kanuni hiyo ingefuatwa bila huruma, harusi zingekuwa chache mno. Kwa sababu hiyo masamaha mengi yamefungamanishwa nayo, na mshauri mzuri hujulikana kwa jinsi anavyoyatumia.

Tuchukue mfano. Binti amezaliwa buruji ya Saratani ikichomoza, na Mirihi i katika Jadi. Hesabu kutoka Saratani: Jadi ni nyumba ya 7, basi yeye ni mangalika, tena katika nyumba ya ndoa yenyewe. Wazazi wanafadhaika. Mshauri huwauliza kwanza, Mwezi u wapi? U katika Hutu. Kutoka hapo Jadi ni ya 11, haina neno. Basi huwaambia kwamba dosari ni nusu. Kisha huwakumbusha kwamba Jadi ndipo Mirihi inapotukuzwa, na nyota iliyotukuzwa, kwa wanajimu wengi, haidhuru. Kama Mushtarii inaielekea, huongeza hilo pia. Wengine husema kwamba ukali hupungua mtu apitapo miaka 28. Na dawa iliyo rahisi kuliko zote ni kumtafutia mume aliye mangalika, maana moto wa huyu hulingana na moto wa yule. Ndiyo sababu matangazo ya posa katika magazeti ya huko hutaja neno hilo waziwazi.

Yakishindikana hayo, kuna arusi ya mtungi. Binti huozwa kwanza kwa mtungi wa udongo, au kwa mgomba, au kwa sanamu. Kisha mtungi huvunjwa au hutoswa majini, na msiba wa mume wa kwanza huhesabiwa umekwisha kupita. Sisi tuliofundishwa ni nani aliyekufa kwa ajili ya wengi hatuwezi kulikubali jambo hili. Lakini tusiwacheke wazazi wanaolifanya kwa hofu ya mtoto wao. Kumlaumu twamlaumu yule atishaye kwanza ili auze dawa baadaye.

Walakini ulaini huo una upungufu wake. Mshauri hasemi kwamba kanuni ni ya uongo; asema tu kwamba haimpati binti huyu. Mama wa kijana akimwendea mnajimu mwingine asiyekubali samaha la Jadi, jina la mangalika hurudi lile lile, na posa huvunjika.

Tena kuna jambo la saa. Buruji inayochomoza hubadilika kila baada ya saa 2 hivi. Binti yule yule, kama angezaliwa saa 2 baadaye, Asadi ikichomoza, Mirihi ingekuwa katika nyumba ya 6, wala asingeitwa mangalika kabisa. Wako wazazi waijuao hesabu hiyo, na huisogeza saa ya kuzaliwa katika karatasi kabla ya kuipeleka kwa wakwe. Hapo mnajimu, ajapokuwa mwaminifu, hukaa akilinganisha nyota za mtoto ambaye hakuzaliwa.