Mistari ya Fibonacci na bei ya dhahabu

SAFU: SOKO NA MFUKO
Na Rehema Mwakyusa

Bei ya dhahabu ikianza kuteremka, wengi wanaofanya biashara ya XAUUSD kwenye simu hukimbilia chombo kimoja. Hubonyeza pale bei ilipoanza kupanda, huvuta hadi kileleni, na programu huwachorea mistari ya asilimia 38.2, 50 na 61.8. Wanaamini bei itarudi hadi mstari mmojawapo, ipate nguvu, ipande tena. Nawauliza: ilianza kupanda lini?

Agosti 2020 dhahabu ilifika karibu dola 2,075 kwa aunsi. Anayeanzia Agosti 2018, bei ilipokuwa 1,160, anahesabu mwendo wa dola 915. Asilimia 38.2 yake ni kama 350, hivyo mstari wake wa kwanza uko 1,725. Machi 2021 bei iliuvunja, ikaenda hadi karibu 1,677. Mwenzake aliyeanzia Desemba 2015, kwenye 1,046, mstari wake wa kwanza uko 1,682. Yeye atakuapia kwamba ulishika.

Mwaka 2022 bei ikashuka hadi karibu 1,615, ndipo ikageuka. Mstari wa 50 wa yule wa kwanza uko 1,617. Wa mwenzake uko 1,560 na haukufikiwa. Kila mmoja ana ushindi wa kusimulia, na hiyo 50 haitokani hata na uwiano wa Fibonacci. Ni desturi ya wachora chati iliyoongezwa tu.

Je, mistari hufanya kazi kwa kuwa wengi wanaitazama? Kwa kiasi, ndiyo. Mchumi Carol Osler alichunguza oda za wateja katika soko la fedha za kigeni, akakuta zimerundikana kwenye namba kamili: za kuvuna faida pale pale, za kukata hasara nyuma yake kidogo. Penye rundo la kwanza bei husita. Ikilifikia la pili huteleza kwa kasi. Sioni sababu rundo lisitokee pia kwenye mstari unaotazamwa na maelfu. Kwa hiyo imani hiyo hiyo inayoshikilia bei ndiyo huharakisha kuporomoka mstari ukivunjika.

Lakini nguvu hiyo naiona ni ya dakika au saa, siku isiyo na habari kubwa. Mwaka 2022 dhahabu ilibanwa na riba za Marekani zilizokuwa zikipanda na dola iliyoimarika. Iliruka juu Novemba 10, takwimu za mfumuko wa bei wa Marekani zilipotoka chini ya matarajio, na mwaka huo benki kuu zilinunua zaidi ya tani 1,000. Oda za wenye simu haziwezi kubeba uzito huo.

Anayetaka kujua kama mistari yake ina kitu aiandike kabla bei haijafika, pamoja na umbali atakaouhesabu kuwa “imegusa”. Kisha achore na mingine ya kubuni, tuseme asilimia 43 na 57, aipime kwa umbali huo huo kwa miezi kadhaa. Ya kubuni ikiguswa na kugeuza bei mara nyingi sawa na ya Fibonacci, asiweke fedha kwa kutegemea mistari hiyo.